Je, Jina Hili Lina Mwenyewe? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kukagua Jina la Biashara na Kikoa

Ili majibu yasielee hewani, ukurasa huu unafuata jina moja la kubuni kutoka mwanzo hadi mwisho: Kasimaji, jina la biashara ambayo ingeuza na kutengeneza pampu za maji. Biashara hiyo haipo, na matokeo yote yanayotajwa juu yake ni ya mfano. Weka jina lako mahali pake na ufuate hatua zilezile.

Nimeandika jina langu kwenye tovuti inayouza vikoa, ikasema liko wazi. Hiyo haitoshi?

Haitoshi. Jibu hilo linakuambia kitu kimoja tu: kwa dakika hiyo, hakuna aliyesajili mfuatano huo wa herufi chini ya kiishio hicho, yaani sehemu ya mwisho ya anwani kama .com. Anayeuza vikoa hatazami daftari la kampuni wala daftari la alama za biashara. Kazi yake ni kuuza nafasi iliyo tupu, na unapolipia ni wewe unayetamka, katika mkataba ambao wengi hubofya bila kuusoma, kwamba kwa kadiri unavyojua jina hilo haliingilii haki za mtu mwingine.

Kuna madaftari matatu, na kila moja hujibu swali lake. Daftari la kampuni linasema kama kuna chombo cha kisheria chenye jina hilo. Daftari la alama za biashara linasema kama kuna mtu mwenye haki ya kuwazuia wengine kutumia jina hilo kwa bidhaa au huduma za aina fulani. Daftari la vikoa linasema kama anwani hiyo ya mtandaoni imeshachukuliwa. Mara nyingi madaftari haya hayasomani, kwa hiyo jina linaweza kuwa wazi kwenye mawili likawa na mwenyewe kwenye la tatu. Nje ya yote matatu wako watu wanaotumia jina kila siku bila kulisajili popote, na baadhi yao sheria inawalinda.

Nianze na daftari lipi?

Anza na lile linaloweza kuliua jina kabisa, yaani alama za biashara. Kikoa kikiwa kimechukuliwa unaweza kutumia kiishio kingine au kuongeza neno. Jina la kampuni likikataliwa unaweza kusajili kampuni kwa jina jingine na kufanya biashara kwa jina ulilolitaka, pale sheria inaporuhusu. Lakini kama mtu mwingine ana alama ya biashara inayofanana na jina lako, kwa bidhaa zilezile, katika nchi unayotaka kuuza, hakuna njia ya kupita pembeni.

Watu wengi huanza na kikoa kwa sababu jibu lake huja kwa sekunde moja. Hapo ndipo jina huanza kuwakaa moyoni, na mtu aliyekwisha kulipenda jina husoma matokeo mabaya kwa macho ya huruma. Ninapendekeza uende na majina matatu au manne kwa wakati mmoja, ili kuliacha moja kusiwe msiba.

Je, natafuta jina kama nilivyoliandika tu?

Hapa ndipo ukaguzi mwingi huharibika. Mtu huandika KASIMAJI, hapati kitu, anafunga ukurasa akiwa na furaha. Lakini sheria za alama za biashara haziulizi kama majina mawili ni yaleyale herufi kwa herufi. Zinauliza kama mnunuzi wa kawaida, ambaye hana majina yote mawili mbele yake, anaweza kudhani bidhaa zimetoka kwa mtu mmoja. Majina hupimwa kwa sura yake, kwa sauti yake na kwa maana yake, na kufanana kwa njia moja tu huweza kutosha.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua hifadhidata yoyote, chukua karatasi uandike sura zote za jina. Kwa Kasimaji orodha yangu ingeanza na sauti: Casimaji, Qasimaji, Kassimaji, Kazimaji. Kisha mpangilio: Kasi Maji, Kasi-Maji, Maji Kasi, KasiMaji Pampu. Kisha vipande: neno Kasi peke yake, kwa sababu kama mtu ameshasajili KASI kwa pampu, kuongeza neno maji huenda kusikuokoe. Neno maji kwa pampu za maji linaeleza bidhaa tu, na sehemu inayolibeba jina ni Kasi. Mwisho maana: kama katika nchi unayouza watu huzungumza lugha nyingine, tafuta pia tafsiri ya maji yaendayo kasi katika lugha hiyo.

Soma jina kwa sauti mbele ya mtu asiyelijua na umwombe aliandike. Atakachoandika kiingie kwenye orodha. Ukiwa na sura nane au kumi uko tayari.

Alama za biashara natafutia wapi?

Pa kwanza ni hifadhidata ya ofisi ya alama za biashara ya nchi utakayouza, kwa sababu haki ya alama ya biashara hufuata mipaka ya nchi. Pa pili ni Global Brand Database ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO. Ni ya bure, na inakusanya kumbukumbu za ofisi nyingi za kitaifa pamoja na alama zilizosajiliwa kimataifa kwa Mfumo wa Madrid. Pa tatu ni TMview, nayo ya bure, inayoendeshwa na Ofisi ya Miliki Bunifu ya Umoja wa Ulaya pamoja na ofisi washirika wake.

Usiruke hatua ya Madrid. Mfumo huo humruhusu mwenye alama kuwasilisha ombi moja kupitia ofisi ya nchi yake na kutaja nchi nyingine anazotaka kulindwa. Hivyo mtu wa mbali ambaye hajawahi kukanyaga katika nchi yako anaweza kuwa na haki ndani yake. Ukitazama tu maombi yaliyopelekwa moja kwa moja kwenye ofisi ya nyumbani, unaweza usimwone. Katika rekodi ya Madrid soma orodha ya nchi zilizotajwa na utafute yako.

Hakuna hifadhidata ya pamoja iliyo na nchi zote. Kabla ya kuiamini, angalia kama nchi yako imo kwenye orodha ya makusanyo yake na ni lini data ya nchi hiyo ilisasishwa mara ya mwisho. Matokeo matupu kutoka kwenye data iliyokoma miaka kadhaa iliyopita hayana uzito.

Makundi ya bidhaa ni nini, na yanabadilishaje jibu?

Alama husajiliwa kwa bidhaa au huduma zilizotajwa, zikipangwa katika makundi 45 ya Uainishaji wa Nice. Kundi la 1 hadi la 34 ni bidhaa, la 35 hadi la 45 ni huduma. Jina moja linaweza kuwa la watu wawili kwa amani kama mmoja anauza viatu na mwingine anatengeneza injini, isipokuwa pale alama inapokuwa maarufu sana. Hizo hulindwa mbali zaidi ya bidhaa zake.

Tukirudi kwa Kasimaji: pampu kama mashine ziko kundi la 7. Kazi ya kuzitengeneza zinapoharibika iko kundi la 37. Vifaa vya kusambaza na kuchuja maji viko kundi la 11. Huduma ya kuuza rejareja iko kundi la 35. Ningetafuta katika yote manne, kwa sababu mteja anayenunua pampu kwako ndiye atakayeirudisha kwako itengenezwe, na haoni mipaka ya makundi hayo.

Wengi huyasoma makundi haya kama kuta. Sivyo yalivyo. Ni mpangilio wa kiofisi. Bidhaa mbili zilizo kundi moja zinaweza kuwa hazihusiani kabisa, na bidhaa ya kundi la 7 inaweza kugongana na huduma ya kundi la 37. Kinachoamua ni maelezo ya bidhaa ndani ya rekodi, kwa hiyo fungua rekodi uyasome yote, usiishie kwenye namba.

Nimepata jina linalokaribiana. Nitajuaje kama ni tatizo?

Tuseme utafutaji wa sura za Kasimaji umeleta rekodi tatu. Ya kwanza ni KASIMA, kundi la 25, nguo. Ya pili ni MAJI KASI, kundi la 32, vinywaji, na hali yake ni kwamba imekwisha muda. Ya tatu ni CASSIMAJI, kundi la 7, kwa mashine za kusukuma vimiminika, ombi lake bado linachunguzwa, na nchi yako imetajwa.

Ya kwanza naiacha. Sauti inakaribia, lakini mnunuzi wa shati hamfikirii muuza pampu. Ya pili naiwekea alama ya kuuliza na kuendelea: bidhaa ziko mbali na alama yenyewe imelala. Ya tatu ndiyo inayoua. Ukizitamka haraka, Cassimaji na Kasimaji ni jina moja. Bidhaa ni zilezile. Kwamba bado ni ombi tu hakunipi faraja, kwa sababu katika nchi nyingi alama ikishasajiliwa haki yake huhesabiwa kuanzia siku ombi lilipopelekwa, na siku hiyo imetangulia yako.

Kwa kila rekodi soma vitu vinne: hali yake, tarehe ya ombi, maelezo ya bidhaa, na jina la mwenye alama. Kisha mtafute huyo mwenye alama mtandaoni. Anayeuza kila siku na anayeilinda alama yake ni tofauti na yule aliyesajili akapotea.

Alama imekwisha muda. Basi jina ni langu?

Si haraka hivyo. Usajili kwa kawaida hudumu miaka 10 na huweza kufanywa upya, na sheria nyingi humpa mwenye alama muda wa nyongeza baada ya tarehe ya mwisho. Aliyechelewa kulipa anaweza kurudi. Tena, kuna nchi ambazo mtu anayeendelea kutumia jina sokoni ana haki juu yake hata bila usajili. Rekodi iliyokufa inakutaka uthibitishe jambo moja: je, bidhaa yenye jina hilo bado inauzwa? Ukikuta inauzwa, ihesabu kama iko hai.

Tovuti yenye jina ninalolitaka haifunguki. Ina maana kikoa hakina mwenyewe?

Hapana, na kosa hili hutokea kila mara. Kikoa kinaweza kusajiliwa na kulipiwa miaka mingi bila kuwa na tovuti. Kinaweza kutumika kwa barua pepe tu, au mwenyewe anakihifadhi, au wakala, yaani kampuni iliyomuuzia, amekizima kwa muda. Kivinjari kinauliza tu kama kuna ukurasa wa kuonyesha. Hakiulizi daftari la vikoa.

Kuliuliza daftari lenyewe zamani ilikuwa kazi ya WHOIS, huduma ya kutafuta rekodi ya usajili wa kikoa. Siku hizi mahali pake pameshikwa na RDAP, huduma mpya ya kazi hiyohiyo. Tangu tarehe 28 Januari 2025 wasimamizi, yaani wanaotunza daftari la kila kiishio, na mawakala wa viishio vya jumla, kama .com na .org, hawalazimiki tena na ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani, kutoa huduma ya WHOIS. Njia rahisi ni kufungua lookup.icann.org na kuandika kikoa. Anayependa kutumia amri anaweza kuuliza seva ya msimamizi moja kwa moja. Kwa .com ni hivi:

```
curl -i https://rdap.verisign.com/com/v1/domain/example.com
```

Mstari wa kwanza ukirudi na namba 200, kikoa kimesajiliwa, na chini yake utaona tarehe na hali zake. Ukirudi na 404, hakimo kwenye daftari. Hata hiyo 404 haimaanishi lazima utauziwa kwa bei ya kawaida: katika baadhi ya viishio msimamizi huweka kando majina fulani, au huyauza kwa bei ya juu. Jibu la mwisho utalipata unapofika kulipa.

Kwa viishio vya nchi, vile vyenye herufi mbili, kila msimamizi ana utaratibu wake, na wengi bado hutumia WHOIS. Ukifungua iana.org/domains/root/db na kubofya kiishio, utaona ni nani anayekisimamia na anwani ya huduma yake.

Kikoa kimesajiliwa lakini jina la mwenyewe limefichwa. Nitamjuaje?

Tangu 2018, kwa sababu ya sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data binafsi, rekodi nyingi za viishio vya jumla huonyesha maneno kama `REDACTED FOR PRIVACY` mahali pa jina. Lakini kuna mengi yaliyobaki wazi. Tarehe ya kusajiliwa inakuambia kama ni wa siku nyingi au alikuja juzi. Jina la wakala limo. Seva za majina zimo, na mara nyingi hizo ndizo zinazosema zaidi: zikiwa za soko la kuuza vikoa, mwenyewe anakiuza, zikiwa za kampuni ya kawaida ya kuhifadhi tovuti, huenda kuna biashara.

Halafu uliza kama kikoa kinapokea barua:

```
dig +short MX example.com
```

Kwa kikoa unachokikagua, amri hii ikikuletea jina la seva ya barua, huenda kuna mtu anayetumia barua pepe zenye jina hilo hata kama tovuti ni tupu. Mtu huyo yuko kazini, nawe ungekuwa unachukua jina la jirani.

Mwisho, nenda web.archive.org uandike kikoa. Utaona kurasa zake za miaka iliyopita, kama zilihifadhiwa. Hii ifanye hata kwa kikoa kilicho wazi. Kama zamani kilikuwa cha duka la pampu, jina hilo lina historia ambayo huwezi kuiona kwingine, na kama kilitumiwa kwa utapeli, unaweza kurithi barua pepe zinazozuiwa kila zinapokwenda.

Rekodi inaonyesha kikoa kinaisha wiki ijayo. Nisubiri?

Usijenge mpango juu ya tarehe hiyo. Katika viishio vya jumla, kikoa kilichoisha muda hakiachiwi siku hiyohiyo. Kwanza kuna kipindi cha hadi siku 45 ambacho wakala anaweza kumruhusu mwenyewe kukilipia. Kikifutwa, huingia kipindi cha ukombozi cha siku 30, ambapo bado anaweza kukirudisha kwa gharama zaidi. Kisha siku 5 za kusubiri kuondolewa, hali inayoandikwa `pending delete`. Baada ya hapo ndipo kinakuwa wazi, na majina mazuri hunaswa hapohapo na mitambo ya watu wanaofanya kazi hiyo. Mawakala wengi hata hawafiki huko: hukiuza kwa mnada mapema.

Kuna jambo moja linalowapoteza hata wazoefu. Kwa .com, siku ya kuisha ikifika daftari huongeza mwaka mmoja lenyewe, wakati wakala anasubiri malipo. Kwa hiyo unaweza kuona tarehe imesogea mwaka mzima mbele ukadhani mwenyewe amelipa, kumbe hajalipa. Tazama neno `auto renew period` kwenye hali zake.

Msajili wa kampuni amelikubali jina langu. Si ndiyo serikali imenipa?

Amekubali kukuandika kwenye daftari lake tu. Msajili hulinganisha jina lako na majina ya kampuni zilizomo humo, mara nyingi kwa kipimo chembamba: huondoa maneno ya aina ya kampuni na alama za uandishi, kisha hutazama kama kilichobaki ni kilekile. Kasimaji ingeweza kupita kwa urahisi mbele ya Cassimaji. Cheti cha usajili si kinga katika kesi ya alama ya biashara, na nchi nyingi zina utaratibu wa kulazimisha kampuni ibadilishe jina hata baada ya kusajiliwa.

Tafuta pia daftari la majina ya biashara kama nchi yako inalo kando na la kampuni. Wafanyabiashara wadogo wengi wamo humo, na hawaonekani kwenye la kampuni.

Wale wasiosajili popote nitawapataje?

Kwa kuwatafuta kama mteja anavyowatafuta. Weka jina ndani ya alama za kunukuu kwenye injini ya kutafutia, kisha rudia ukiongeza neno la bidhaa: "kasi maji" pampu. Bila alama za kunukuu injini hurekebisha tahajia yako na kukupeleka kwingine. Tafuta kwenye ramani za mtandaoni, kwenye maduka ya programu za simu, na ndani ya kila mtandao wa kijamii ambao wateja wa kazi yako wanautumia. Hapa usitazame tu kama jina la akaunti liko wazi. Tafuta machapisho, kwa sababu fundi anayejulikana kwa jina la Kasi Maji anaweza kuwa amefungua akaunti kwa jina lake mwenyewe.

Katika nchi zinazofuata sheria ya desturi ya Kiingereza, mtu kama huyo akithibitisha kwamba wateja wanalijua jina lake na kwamba wewe unawachanganya, anaweza kukushtaki bila kuwa na alama iliyosajiliwa. Hata pale sheria isipomlinda, utakuwa unapokea malalamiko ya wateja wake.

Kasimaji.com imechukuliwa, lakini kiishio kingine kiko wazi. Nikichukue?

Inategemea ni nani aliyeko kwenye .com. Kama ni biashara ya kazi tofauti kabisa, katika nchi ambayo huuzi, unaweza kuishi naye, ingawa baadhi ya barua zako zitapotelea kwake. Kama ni mtu anayekihifadhi bila kukitumia, kinaweza kununulika. Kama anauza pampu, acha. Kubadilisha kiishio, kuongeza kistari au kuandika K mahali pa C hakubadilishi jina masikioni mwa mteja.

Tangu 1999 kuna utaratibu wa ICANN wa kutatua migogoro ya vikoa, unaojulikana kwa kifupi kama UDRP. Mwenye alama ya biashara anaweza kukupokonya kikoa bila kwenda mahakamani, akithibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba kikoa kinafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya, kwamba huna haki wala sababu halali ya kuwa nacho, na kwamba ulikisajili na kukitumia kwa nia mbaya. Anayetafuta kwanza, akamwona mwenye alama, kisha akasajili tu, amejiwekea ushahidi wa hilo jambo la tatu. Ndiyo maana nasema ukiona, acha.

Nikishakagua na kukuta pako wazi, niko salama?

Uko salama kwa kadiri ya kilichochapishwa. Maombi mapya ya alama huchukua muda kabla ya kuonekana kwenye hifadhidata. Tena, Mkataba wa Paris humpa mtu aliyeomba alama katika nchi moja miezi 6 ya kuomba kwingine huku akihesabiwa tarehe ile ya kwanza. Anaweza kuingia katika nchi yako miezi mitano baada ya ukaguzi wako na bado akakutangulia. Kwa sababu hiyo, siku ukaguzi unapotoka safi, sajili kikoa na upeleke ombi la alama ndani ya wiki hiyohiyo, kisha rudia utafutaji baada ya miezi 6 au 7. Kama unapanga kuchapa mabango na vifungashio kwa wingi, fanya hivyo baada ya utafutaji huo wa pili.

Wakili wa alama za biashara namhitaji lini?

Ukishabaki na jina moja na kuna rekodi ambayo huwezi kuiamua mwenyewe. Usimpelekee majina kumi, utalipia kazi ambayo jioni moja ingeimaliza. Mpelekee jina moja, orodha ya sura zake, namba za rekodi zilizokutia shaka, na maelezo ya bidhaa utakazouza katika miaka michache ijayo. Atakachokuongezea ni hukumu: jinsi ofisi ya nchi hiyo imekuwa ikiamua majina yanayokaribiana kama yako.

Nihifadhi nini baada ya ukaguzi?

Picha ya skrini ya kila utafutaji, ikionyesha neno ulilotafuta, makundi uliyochagua, idadi ya matokeo na tarehe. Hifadhi pia jibu la RDAP kama lilivyokuja. Andika mstari mmoja kwa kila rekodi uliyoiacha na sababu yake: KASIMA, nguo, bidhaa mbali. Kama mtu atakulaumu baadaye kwamba ulimwiga makusudi, faili hilo linaonyesha ulichokijua na siku ulipokijua. Na jina likikataliwa, kama Kasimaji ilivyokataliwa na ile Cassimaji ya kundi la 7, bado linakufaa: makundi uliyochagua na hifadhidata ulizotumia ni zilezile kwa jina la pili kwenye karatasi yako.